Methali Ndani ya Dakika Mbili

Kuandika mfululizo mfupi wa video za kufafanua methali huanza kwa kutafuta hali inayomfanya mtu aitamke methali hiyo. Kuchora vitu vilivyotajwa ndani yake hakutoshi. "Kikulacho ki nguoni mwako" inazungumzia mdudu aliyejificha kwenye vazi, lakini mswada ukionyesha mtu anajikuna, mtazamaji ataondoka na chawa tu. Maana yenyewe ni kwamba anayekudhuru yuko karibu nawe, na kwa ukaribu huo hashukiwi. Ukaribu ndio wa kuonyeshwa.

Sehemu ya dakika mbili huhitaji kurasa mbili hivi, mahali pamoja na wahusika wachache. Kibanda cha wakala wa pesa kwa simu kinafaa. Jioni, mama mwenye kibanda anajumlisha fedha taslimu na salio la simu. Havifikii mtaji wake. Kesho yake anabadilisha kufuli na kumkazia macho kila mteja mgeni. Muda wote huo mpwa wake, anayeishi naye, yuko ubavuni: anamshikia tochi akihesabu noti, anamwita "shangazi" kwa upole. Siku ya tatu mama anakagua miamala. Fedha zimetumwa usiku wa manane, simu ikiwa nyumbani. Anainua uso, kijana anammiminia chai.

Mswada uishie hapo. Kishawishi ni kuendelea hadi polisi waje na kijana aombe radhi, na hapo kisa kinahamia methali nyingine: "Za mwizi ni arobaini." Kipimo kizuri ni kuwasomea watu wachache mswada bila kutaja methali, kisha wao waitaje. Wakitaja nyingine, kosa mara nyingi liko kwenye tukio la mwisho, kwa kuwa ndilo linalokaa akilini.

Methali ikitamkwe mwanzoni, mtazamaji hana tena cha kugundua. Katika mazungumzo ya Waswahili, msemaji mara nyingi hutaja nusu na kumwachia mwenzake amalizie. Jirani wa kibanda anaweza kusema "Kikulacho…" kisha akanyamaza, na mtazamaji akamalizia mwenyewe. Ndipo methali kamili iandikwe kwenye skrini, na msimulizi aeleze kwa sentensi moja au mbili, akimtaja chawa kwa ajili ya vijana wasiomjua.

Mpangilio wa sehemu nao una uzito. "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" huonekana kupingana, hivyo ni bora zifuatane na kumhusu mhusika yuleyule. Dereva wa bodaboda anakimbilia abiria wa pili na kumwacha wa kwanza kituo kisicho chake. Katika sehemu inayofuata, anaahirisha kubadilisha breki hadi zinamshinda mteremkoni. Msimulizi asijaribu kuzipatanisha: kila moja ni kweli katika hali yake.