Miraba Kumi, Hatua Tisa
Mchezo unapofika mwishoni, ubao ukiwa umekatwakatwa na mishale na kila upande umejifungia kwake, mtazamaji huanza kuhesabu kwa kidole. Nyeupe amezungushia miraba 10 mitupu, Nyeusi 9. Kisha linakuja lile swali ambalo wachezaji wazoefu wa Amazoni wamechoka kulijibu: kwa nini waendelee kucheza wakati mshindi ameshajulikana?

Hajajulikana. Katika hesabu ya namna hiyo, Nyeupe anaweza kabisa kuwa ndiye anayeshindwa.

Walter Zamkauskas wa Ajentina alibuni mchezo huu mwaka 1988, na ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1992 katika jarida la mafumbo la nchini kwake, El Acertijo. Ubao una miraba 100, kila upande una amazoni wanne, na amazoni hutembea kama malkia wa sataranji. Akishatua, ni lazima arushe mshale kutoka pale alipotua, nao husafiri kwa njia zile zile za malkia. Mraba unaochomwa na mshale umefungwa moja kwa moja: hakuna wa kuukanyaga wala kuuvuka tena. Hakuna kuliwa kete kama kwenye drafti. Wote wanane hubaki ubaoni hadi mwisho, na anayekosa hatua zamu yake ikifika ndiye aliyeshindwa.

Hapo ndipo imani ya mraba mmoja kwa hatua moja inapozaliwa, na ina sura ya ukweli. Kila hatua humeza mraba mmoja, kwa hiyo amazoni aliyefungiwa na miraba 10 hawezi kupata zaidi ya hatua 10. Kosa liko katika kusahau lile neno “zaidi”. Kumi ni kikomo cha juu. Hakuna aliyeahidi kwamba kitafikiwa.

Mfano mdogo kuliko yote unatosha, na yeyote mwenye penseli anaweza kuuhakiki. Amazoni wa Nyeupe yuko b1, safu ya chini, mraba wa pili kutoka kushoto. Kila kitu kinachomzunguka kimefungwa isipokuwa miraba miwili: a1, iliyo kushoto kwake, na c2, iliyo juu kulia kwa mshazari. Miraba miwili, basi hatua mbili? Akienda a1, kitu pekee anachokiona kutoka pale ni b1 aliyoiacha, kwa hiyo mshale lazima uende hapo. Mshale huo umefunga njia ya kurudi, na c2 imepotea. Akienda c2 yanatokea yale yale: mshale unaangukia b1, na a1 imebaki upande wa pili wa ukuta. Hatua moja tu, hata achague vipi. Sababu ni kwamba a1 na c2 hazionani kwa mstari wowote wa malkia. Zimepishana kwa mruko wa farasi.

Sasa mraba wa pili usiwe c2, uwe c1, upande wa pili wa amazoni katika safu ile ile. Idadi haijabadilika, lakini thamani imebadilika. Amazoni anakwenda a1, na badala ya kufunga alikotoka, anarusha mshale hadi c1 kupitia b1 iliyo wazi. Zamu inayofuata anarudi b1 na kuifunga a1. Hatua mbili kamili. Hata hapa mchezaji mwenye pupa, aliyezoea kufunga nyuma yake kila anapopiga hatua, angechoma b1 na kujinyima moja.

Turudi kwenye ile 10 kwa 9. Tuseme Nyeupe ana chumba kimoja safi chenye miraba minane, na kingine ni kile cha a1 na c2. Kumi zake ni tisa. Nyeusi ana tisa zisizo na kasoro. Kama ni zamu ya Nyeupe, atatumia tisa, Nyeusi atatumia tisa, kisha Nyeupe atakaa na mraba wake mtupu asioweza kuufikia, ameshindwa. Anayetangaza mshindi bila kuuliza zamu ni ya nani na vyumba vina umbo gani anakisia tu.

Wala si suala la kuzembea kuhesabu. Mwaka 2000 Michael Buro, ambaye programu yake ya Othello, Logistello, ilimshinda bingwa wa dunia Takeshi Murakami mwaka 1997, alionyesha kwamba kujua amazoni mmoja aliyejifungia peke yake atapata hatua ngapi kunafungamana na tatizo maarufu la kutafuta njia inayopita kila kituo mara moja na kurudi ilikoanzia. Hakuna mtu anayejua kanuni ya haraka inayotatua kila hali ya namna hiyo. Katika vyumba vidogo jicho linatosha. Katika vyumba vikubwa vyenye kona na shingo nyembamba, kompyuta zenyewe hutafuta hatua kwa hatua. Kidole hakiwezi kuchukua nafasi ya kazi hiyo.

Basi afanyeje mchezaji? Kwanza, asiguse chumba chake salama mapema. Zile hatua ni akiba. Adui hawezi kuingia kuziiba, na kila moja inayotumiwa kabla ya wakati ni zamu iliyopotea mahali panapogombaniwa. Pili, asiweke amazoni wawili ndani ya uzio mmoja bila sababu, maana kila hatua inakula mraba mmoja hata wangekuwa watatu, na wa pili angekuwa na kazi nje. Tatu, amazoni anaweza kusimama mlangoni na kuwa ukuta yeye mwenyewe. Siku akiingia ndani, mshale wake unaweza daima kurudi pale alipotoka na kuuziba mlango. Nne, atafute miraba iliyokaa mruko wa farasi na kuivunja kabla haijawa vyumba.

La tano linahitaji ubao. Ujia mmoja umebaki: amazoni wa Nyeupe yuko a1, wa Nyeusi g1, kati yao kuna miraba mitano mitupu, b1 hadi f1, na kila kitu kingine kimefungwa. Zamu ni ya Nyeupe. Mwoga husogea b1 na kurusha c1: amejipatia a1, hatua moja, na kumwachia mwenzake d1, e1 na f1, hatua tatu. Huyo ndiye aliyefundishwa kujenga uzio karibu na nyumbani. Anayeujua mchezo hukimbia moja kwa moja hadi f1, akasimama uso kwa uso na adui, na kurusha mshale nyuma yake hadi a1, mbali kuliko kote. Sasa miraba minne, b1 hadi e1, ni yake peke yake. Atarudi mmoja mmoja, e1 kisha d1, akifunga kila anakotoka, na hatua zote nne zitapatikana. Wa Nyeusi amebaki g1 bila mahali pa kwenda. Kama zamu ingekuwa ya Nyeusi, angeruka hadi b1, akachoma g1, na minne yote ingekuwa yake.