Kubadilisha Picha ya Kioo cha Simu: Pembe Iwe Sawa, Mng'ao Ubaki

Tazama tangazo la iPhone na usome saa iliyo kwenye kioo. Utakuta 9:41, yaani saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi, tangazo baada ya tangazo. Saa hiyo imechaguliwa. Hotuba za Apple za kuzindua bidhaa zilikuwa zikianza saa tatu asubuhi, na bidhaa mpya ikioneshwa jukwaani baada ya kama dakika 40. Kinachoonekana kwenye kioo cha simu ya tangazo, basi, ni kitu kilichopangwa, na mara nyingi hupachikwa kwenye kompyuta baada ya simu yenyewe kupigwa picha.

Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Ukipiga picha simu iliyowashwa, vidoti vya kioo chake hugongana na vidoti vya kihisi cha kamera, na picha inajaa michirizi ya mawimbi ambayo jicho halikuiona. Kuna pia tatizo la mwanga. Katika chumba cha kawaida kioo hung'aa kuliko vitu vilivyo kando yake, kwa hiyo ukiipa kamera mwanga unaofaa meza, kioo kinaungua na kuwa cheupe. Ukiipa mwanga unaofaa kioo, meza inazama gizani. Ndiyo maana wapigapicha wa bidhaa hutenganisha kazi: simu hupigwa kivyake, na picha ya kioo hutoka kwenye skrinshoti safi.

Wauzaji wengi wa simu na televisheni mtandaoni hujaribu njia hiyo, na picha zao hujulikana mara moja. Skrinshoti inaonekana kama stika iliyobandikwa juu ya simu. Kasoro huwa mbili: pembe haikukaa, na mng'ao wa kioo umefutwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Simu imelazwa kwenye meza ya mbao, kichwa chake kikielekea dirishani. Kamera iko upande wa chini wa simu, imeinuliwa kidogo, juu ya stendi ya miguu mitatu. Nuru ya dirisha inaakisiwa kwenye kioo: utepe mpana mweupe unaoanzia kwenye ukingo mweusi wa juu na kuteremka hadi karibu na katikati.

Hatua ya kwanza ni kuizima simu, kuifuta vumbi na alama za vidole, kisha kuipiga ikiwa imezimwa. Kioo kilichozimwa ni kama kioo cheusi cha kujitazamia. Hakitoi nuru yake mwenyewe, hivyo kila mwanga unaoonekana juu yake umetoka chumbani. Picha hiyo moja inakupa rekodi kamili ya mng'ao: umbo lake, mahali ulipo, rangi yake na nguvu yake. Mtu anayechora mng'ao kwa kubuni, mstari mweupe wa mshazari kutoka kona hadi kona, anabuni dirisha ambalo chumba hakina.

Sasa pembe. Kwenye Photoshop, tengeneza faili lenye uwiano uleule wa kioo. Kama kioo ni pikseli 1080 kwa 2400, faili liwe hivyohivyo. Weka skrinshoti ndani yake, ilete kwenye picha ya simu, na uigeuze kuwa Smart Object ili uweze kubadilisha yaliyomo baadaye bila kurudia kazi. Kisha nenda Edit > Transform > Distort na uvute kila kona ya skrinshoti hadi kwenye kona ya kioo. Mwenye GIMP atapata kazi hiyohiyo kwenye kifaa kiitwacho Perspective.

Hapa wengi huteleza kwa sababu simu za siku hizi zina kona za mviringo. Ukiishikiza kona ya skrinshoti kwenye mviringo wenyewe, picha yote inakuwa ndogo kuliko kioo. Kona ya kweli iko nje kidogo ya mviringo, pale ambapo kingo mbili zilizonyooka zingekutana kama zingeendelea. Chora mistari ya mwongozo juu ya kingo nne, ione inapokutana, na hapo ndipo pa kushikiza. Mviringo utaukata mwishoni kwa maski.

Utajuaje kama pembe imekaa? Tafuta kitovu. Katika mfano wetu, ukingo wa kioo ulio karibu na kamera una upana wa pikseli 900 kwenye picha, ule wa mbali 640, na kutoka ukingo hadi ukingo ni pikseli 1,000. Chora mistari miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona. Haitakutana nusu ya njia. Itakutana pikseli 584 kutoka ukingo wa karibu na 416 kutoka ule wa mbali, kwa sababu nusu ya kioo iliyo mbali hujibana zaidi machoni. Katikati ya skrinshoti lazima ikae papo hapo. Aliyeipunguza picha upande wa juu kwa kuibana tu, bila kuipa mtazamo wa umbali, ataweka katikati penye 500. Aikoni za juu zitaonekana ndefu mno, na simu itaonekana kama imepinda, hata kama kingo zote nne zimekaa barabara. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini ataihisi.

Baada ya pembe unafika kwenye mng'ao. Nakili eneo la kioo kutoka picha ya simu iliyozimwa, na uliweke kwenye tabaka lililo juu ya skrinshoti. Kosa la kawaida hapa ni kulipunguzia tabaka hilo uwazi hadi asilimia 50 ili skrinshoti ionekane. Kioo kilichozimwa, mahali pasipo mng'ao, kina thamani ya kama 20 kati ya 255. Changanya nusu kwa nusu na nyeupe ya 255, unapata takriban 137, yaani kijivu. Skrinshoti nzima inafifia kana kwamba imepakwa majivu, na mng'ao nao umepungua nusu.

Dawa yake ni kuacha tabaka likiwa na nguvu zake zote na kulibadilishia namna ya kuchanganyika iwe Screen. Namna hiyo inaiga kinachotokea kwenye kioo chenyewe. Nuru ya simu hutoka ndani, nuru ya dirisha hurudi kutoka juu ya kioo, na zote mbili hufika kwenye jicho zikiwa zimejumlishwa. Nuru ya dirisha haiifuniki ya simu wala kuipunguza. Hesabu yake ni hii, a ikiwa tabaka moja na b lingine:

```
255 - (255 - a) × (255 - b) / 255
```

Tuseme utepe wa dirisha una thamani ya 150. Ukipita juu ya sehemu nyeusi ya skrinshoti, pale panakuwa 150, na mng'ao unaonekana wazi. Ukipita juu ya sehemu ya wastani yenye 100, panakuwa 191. Ukipita juu ya nyeupe ya 255, panabaki 255, na mng'ao haupo tena. Ndivyo kioo halisi kinavyofanya: katika picha ya usiku dirisha linaonekana wazi, katika ukurasa mweupe linamezwa. Ukiona picha ambayo mng'ao unang'aa sawasawa juu ya nyeusi na nyeupe, mkono wa mtu umepita.

Kuna mahali pengine pa kutazama, nako ni ukingo mweusi unaozunguka kioo. Ukingo na eneo la picha viko chini ya kioo kimoja. Utepe wa dirisha ulioanzia kwenye ukingo lazima uvuke mpaka na kuendelea kwa mstari uleule. Ukikatika ghafla pale skrinshoti inapoanza, simu imekwisha kuwa stika. Kwa hiyo usiufute mng'ao wote kwa kutaka skrinshoti ing'ae. Ukiona umezidi, upunguze kidogo, na ufanye vivyo hivyo kwenye ukingo.

Yanayobaki ni mwanga na rangi. Karatasi nyeupe katika sebule yenye mwanga wa lux 300 hurudisha takriban kandela 90 kwa mita ya mraba, na kioo cha simu hufika 400 au 500 bila shida. Ndani ya nyumba, basi, nyeupe ya simu inaruhusiwa kuishinda karatasi, ingawa ni vyema kuishusha hadi kama 240 ili mng'ao upate nafasi ya kuonekana. Nje kwenye jua kali karatasi ileile inakaribia kandela 30,000. Skrinshoti inayowaka kuliko shati jeupe la mtu aliyesimama juani ni uongo ulio wazi. Rangi nayo hufuata taa: nyeupe ya kioo iko karibu na kelvini 6500, hivyo penye balbu za njano kioo kinapaswa kuelekea kwenye ubuluu kidogo.

Kisha kuza picha hadi uone pikseli. Kama ncha ya mbali ya meza imefifia kwa sababu kamera ililenga karibu, ncha ya mbali ya skrinshoti ififie kwa kiasi kilekile. Kama picha ina chembechembe, skrinshoti ipewe chembechembe hizo. Ukingo wa maski ulainishwe kwa pikseli moja au nusu yake, kwa kuwa hakuna lenzi inayochora mstari mkali kama wembe.

Televisheni hufuata kanuni hizohizo, ila ina jambo moja kubwa zaidi: huangaza chumba. Ukipachika uwanja wa mpira wa kijani kwenye televisheni iliyopigwa ikiwa imezimwa katika chumba cha giza, meza iliyo chini yake lazima ipate kijani hafifu. Bila hivyo televisheni inaonekana imewaka peke yake, chumba kikiwa hakina habari.

Je, kazi hii ni udanganyifu? Mahakama Kuu ya Marekani iliamua jambo linalofanana na hili mwaka 1965, katika kesi ya tume ya biashara ya nchi hiyo dhidi ya Colgate-Palmolive. Tangazo la krimu ya kunyolea lilionesha krimu ikilainisha msasa hadi ukanyoleka papo hapo, kumbe kilichonyolewa kilikuwa plastiki ngumu iliyomwagiwa mchanga. Mahakama ilisema huo ni udanganyifu, kwa sababu mtazamaji aliambiwa anauona ushahidi kwa macho yake. Ilikubali pia kwamba kutumia viazi vilivyopondwa badala ya aiskrimu inayoyeyuka chini ya taa ni jambo jingine, ikiwa havitumiki kuthibitisha sifa ya kinachouzwa.

Mpaka huo unatufaa sisi pia. Ukiuza kava ya simu, au meza ya televisheni, picha iliyo kwenye kioo ni pambo, na kuibadilisha hakumdhuru mtu. Ukiuza televisheni kwa kusifu rangi zake na ukali wa picha yake, kioo ndicho ushahidi. Hapo mwambie mnunuzi kwamba picha ya kioo imeigizwa, na usipachike kitu ambacho kifaa chenyewe hakiwezi kukionesha atakapokiwasha nyumbani kwake.