Kutoka Jedwali la Mpima hadi Mchoro wa Kiwanja

Mpima ardhi anapomaliza kazi ya uwandani, mara nyingi anachomkabidhi msanifu majengo ni jedwali la Excel, si ramani. Kila mstari wa jedwali hilo ni nukta moja ya ardhi: jina la nukta, umbali wake upande wa mashariki, umbali wake upande wa kaskazini, kimo chake, na pengine neno moja la maelezo kama "bikoni" au "mfereji". Programu ya kuchora kama AutoCAD huzitaka tarakimu hizohizo kwa majina mengine: mashariki ni X, kaskazini ni Y, kimo ni Z. Kuzihamisha ni kazi ya dakika chache. Ugumu uko kwenye makosa yake, kwa kuwa yapo yanayoonekana papo hapo kwenye kioo, na yapo yanayozaa kiwanja chenye pande sahihi na eneo sahihi kilichokaa mahali pasipo pake.

Mfano wa kubuni wa kiwanja cha bikoni nne huko Kibada, Kigamboni, unatosha kuonyesha njia nzima. Safu zake ni jina, mashariki, kaskazini na kimo, zote kwa mita:

```
B1,536412.350,9237286.140,14.62
B2,536450.750,9237297.340,14.05
B3,536443.750,9237321.340,13.18
B4,536405.350,9237310.140,13.80
```

Ukubwa wa tarakimu hizi una maana yake. Katika mfumo wa UTM, mstari wa kati wa kanda hupewa mashariki ya 500,000, na kwa nchi zilizo kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe hupewa kaskazini ya 10,000,000. Kwa hiyo B1 iko kama kilomita 36 mashariki ya longitudo 39, na kama kilomita 763 kusini mwa ikweta. Kwa Tanzania yote, tarakimu ya mashariki huwa na namba sita kabla ya nukta ya desimali, na ya kaskazini huwa na saba. Mchoraji anayelijua hilo ana silaha kubwa mkononi, kwa sababu wapima wengi huandika kaskazini kwanza ndipo mashariki, kinyume na mpangilio wa X na Y. Safu hizo zikiingizwa kama zilivyo, kiwanja hugeuka kama kinavyogeuka kwenye kioo. Pande zake hazibadiliki hata sentimita moja, na eneo lake halibadiliki. Anayekagua kwa kupima urefu na eneo pekee ataridhika, huku barabara ikiwa imehamia upande usio wake. Kinachofichua kosa ni kuibonyeza bikoni moja kwa amri ya `ID` na kuhakikisha kwamba X ina namba sita na Y ina saba.

Hatua ya kwanza hufanyika ndani ya Excel: kuunganisha safu mbili ziwe kifungu kimoja chenye koma katikati. Ikiwa mashariki iko safu ya B na kaskazini safu ya C, kwenye safu tupu huandikwa:

```
=TEXT(B2,"0.000")&","&TEXT(C2,"0.000")
```

`TEXT` imewekwa makusudi. Excel huonyesha namba kwa sura moja na kuihifadhi kwa nyingine. Namba iliyotokana na hesabu inaweza kuunganishwa ikiwa na mkia mrefu wa desimali, na fomula hii huikata kwenye milimita. Tahadhari nyingine ni kwa wanaotumia kompyuta zenye mpangilio wa Kifaransa, jambo la kawaida Kongo na Burundi. Kompyuta hizo hutenganisha desimali kwa koma, na AutoCAD hutenganisha X na Y kwa koma hiyohiyo. Namba moja husomeka kama mbili, na mchoro huharibika tangu nukta ya kwanza. Dawa ni kubadili alama ya desimali kwenye mpangilio wa Windows iwe nukta kabla ya kuanza.

Vifungu vilivyopatikana hunakiliwa kwenye Notepad, juu yake ikaandikwa amri ya mstari unaoungana, na chini yake herufi ya kuufunga:

```
OSMODE 0
_.PLINE
536412.350,9237286.140
536450.750,9237297.340
536443.750,9237321.340
536405.350,9237310.140
_C
```

Faili huhifadhiwa kwa jina linaloishia na `.scr`, kisha huitwa ndani ya AutoCAD kwa amri ya `SCRIPT`. Programu huisoma kana kwamba kuna mtu anayeandika kwenye kibodi. Kila nafasi tupu na kila mwisho wa mstari huhesabiwa kuwa ni kubonyeza Enter, kwa hiyo mstari mtupu uliosahauliwa katikati ya koordineti hukatiza amri njiani. Mstari wa mwisho nao lazima ufungwe kwa Enter, la sivyo `_C` hubaki ikingoja. Amri ya `ZOOM` kwa chaguo la `E` huuleta mpaka wote machoni.

`OSMODE 0` ya mstari wa kwanza inastahili maelezo, kwa kuwa kukosekana kwake kumewapotezea wachoraji wengi saa nyingi. AutoCAD ina uwezo wa kuivuta nukta mpya kwenye ncha iliyo karibu. Koordineti zikiandikwa kwa mkono, kwa mpangilio wa kawaida mvuto huo hauzigusi, lakini zikitoka kwenye faili la `.scr` mvuto huendelea kufanya kazi. Kioo kikiwa kinaonyesha eneo pana, "karibu" inaweza kuwa mita kadhaa za ardhi, na bikoni mbili hujikuta zimekaa juu ya nukta moja. Dalili yake ni pande zinazopotea au mistari inayoshikamana na kitu kilichochorwa kabla. `OSMODE 0` huuzima mvuto huo. Kazi ikiisha, mchoraji huuwasha tena.

Kosa jingine huanzia uwandani. Mpima hutembea kwa njia iliyo rahisi kwake, si lazima auzunguke mpaka kwa mfuatano, na `PLINE` huunganisha nukta kama zilivyopangwa kwenye jedwali. Kama B4 ingetangulia B3, mistari miwili ingekatana katikati na kiwanja kingefanana na tai ya kipepeo. Katika mfano huu mzingo sahihi ni mita 130 na eneo ni mita za mraba 1,000. Mpangilio huo mbaya ungetoa mzingo wa mita 174.34. Kwa bikoni nne jicho linatosha kuliona. Kwa shamba la bikoni 40 lenye kona nyembamba haliaminiki, na hapo mchoro mdogo wa mkono wa mpima, wenye majina ya nukta, huwa na thamani kuliko jedwali lenyewe.

Mpaka huchorwa bila kimo kwa makusudi, ili urefu wa pande uwe wa mlalo kama unavyoandikwa kwenye ramani za upimaji. Vimo huingizwa kivyake, bikoni pamoja na nukta za ndani ya kiwanja, kwa fomula mbili: moja huweka nukta yenye Z yake, ya pili huandika namba inayosomeka.

```
="_.POINT "&TEXT(B2,"0.000")&","&TEXT(C2,"0.000")&","&TEXT(D2,"0.000")
="_.-TEXT "&TEXT(B2,"0.000")&","&TEXT(C2,"0.000")&" 0.5 0 "&TEXT(D2,"0.00")
```

Hapa 0.5 ni urefu wa herufi kwa mita. Kwa mchoro utakaochapishwa kwa kipimo cha 1:200, herufi hiyo itakuwa na milimita 2.5 kwenye karatasi, ukubwa unaosomeka vizuri. Sifuri inayofuata ni pembe ya maandishi. Kama mtindo wa maandishi uliochaguliwa una urefu maalumu, programu haitauliza urefu, na majibu yote husogea hatua moja: namba huinama kidogo na kutanguliwa na sifuri isiyo yake, "0 14.62". Nukta zenyewe hazionekani kwa urahisi mpaka `PDMODE` iwekwe 3, ili kila moja ichorwe kama alama ya X.

Vimo vinahitaji ukaguzi wao. Excel huigeuza seli tupu kuwa 0.00 katika fomula hii, na msomaji wa mchoro atadhani kuna shimo linalofika usawa wa bahari. Mpima aliyebadilisha tarakimu mbili naye ataacha kilima cha 41.62 palipotakiwa 14.62. Njia ya haraka ya kuwakamata wote wawili ni kuutazama mchoro kwa ubavu: nukta nzuri hukaa karibu pamoja, na iliyokosewa husimama peke yake juu au chini. Kwenye kiwanja hiki ardhi hushuka kutoka B1 hadi B3 kwa mita 1.44 katika umbali wa mita 47.17, yaani mteremko wa asilimia 3 hivi. Nukta ya ndani inayopingana sana na mteremko huo lazima iwe na sababu, kama kichuguu au mtaro.

Lipo pia swali ambalo mchoro hauwezi kulijibu: vimo vimeanzia wapi? Wapima wengine hupa alama moja kimo cha kudhani cha 100.000 na kupima kila kitu kutoka hapo. Wengine huchukua kimo kinachotolewa na satelaiti moja kwa moja, ambacho katika pwani ya Afrika Mashariki hutofautiana na usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20, kiasi kwamba ufuko husomeka kuwa hasi. Kwa kupanga mteremko wa maji ndani ya kiwanja kimoja tofauti hiyo haidhuru. Kwa kuunganisha na mfereji wa barabara uliopimwa na mtu mwingine, inaharibu kila kitu. Chanzo cha vimo kiandikwe kwenye mchoro.

Vivyo hivyo kwa koordineti. Ramani nyingi za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya msingi wa Arc 1960, wakati vipokezi vya GPS hutumia WGS84. Tarakimu za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS84, kiwanja cha Kibada huhamia takriban mita 300 kaskazini, kikiwa na mita zake za mraba 1,000 zilezile. Kukiweka juu ya picha ya satelaiti hulifichua kosa hilo mara moja, ila jedwali lisilotaja msingi wake lirudi kwa mpima, kwani mchoraji hawezi kukisia.

Ukaguzi wa vipimo hufuata. Amri ya `LIST` kwenye mpaka hutoa eneo na mzingo, na `DIST` hutoa upande mmojammoja, ili vilinganishwe na ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Fundi akinyoosha futi ya kamba kati ya B1 na B2 atapata kama mita 40.015 badala ya 40.000. Hilo si kosa: karibu na katikati ya kanda, UTM huufupisha kidogo umbali wa ardhini.

Mwisho msanifu huleta nyumba, ambayo kwa kawaida imechorwa kwa milimita. Kinachobadilishwa ukubwa ni nyumba, kwa kuizidisha kwa 0.001, kisha ndiyo inayosogezwa hadi kwenye kiwanja. Mpaka ukisogezwa kuifuata nyumba, koordineti za bikoni hupotea, na mpima atakayerudi kuweka alama za msingi hatakuwa na namba za kuingiza kwenye chombo chake.