Swali la koltani: hesabu sawa, sheria ya zamani

Nyuma ya soko la Kituku, pale pirogi zinashusha ndizi na makala kila asubuhi, iko shule moja ya sekondari ambayo hatutaitaja jina. Watoto wengi wa pale wazazi wao wako Rubaya, Walikale ao machimbo mengine. Wao wanalala Goma kwa shangazi ao kwa bibi ili wasome. Wiki mbili mbele ya mitihani ya semestri, nilikaa katika biro ya prefe wa masomo nikaangalia namna anasoma karatasi ya maswali mbele ya kuitilia viza. Bila viza yake, hakuna karatasi inayoenda kwenye fotokopi.

Karatasi ya siku ile ilikuwa ya fiskalite, ya wanafunzi wa biashara. Mwalimu mwenyewe, kijana mpole, alikuwa amekaa mbele yake. Prefe alianza kwa kugeuza chini karatasi ya majibu. Alichukua kalamu, akafanya mtihani mzima yeye peke yake kama mwanafunzi.

"Nikiangalia majibu yako kwanza, Mwalimu, macho yangu yatakubali yote," alisema. "Lazima nikose mimi mwenyewe kwanza."

Juu ya meza alikuwa na vitu vinne: programu ya taifa, mpango wa masomo wa mwalimu kwa mwaka, jurnali ya darasa, na daftari ya mwanafunzi mmoja. Daftari hiyo aliiomba kwa mtoto asubuhi, bila kumwambia sababu. Mpango unaonyesha kitu mwalimu alitaka kufundisha. Daftari inaonyesha kitu mtoto alipata kweli.

Alama ya kwanza aliiweka kwenye kichwa cha karatasi. Kiliandikwa "Darasa la 6 Komersiale". Tangu sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi ni miaka 8: sita ya primeri, kisha darasa la 7 na la 8. Nyuma yake inakuja humanite, miaka 4. Darasa lile sasa linaitwa la 4 la humanite. Kosa kama hilo haliangushi mtoto, lakini kwa mkaguzi ni kama harufu ya moshi: linamwambia kwamba karatasi imekopiwa kutoka karatasi ya miaka ya nyuma, na kwamba ndani yake kunaweza kuwa na mengine. Na kweli yalikuwemo.

Swali la tatu lilikuwa la pointi 8 kwa 40. Tunalitoa hapa kwa Kiswahili: kampuni yenye kibali cha kuchimbua Masisi imeuza koltani ya dola 500 000, usafirishaji umekula dola 40 000, tafuta redevansi ya madini, kisha sehemu ya kila mwenye haki. Asilimia hazikuandikwa, mwanafunzi alipaswa kuzijua kwa kichwa.

Majibu ya mwalimu yalikuwa hivi. Toa usafirishaji, inabaki 460 000. Chukua asilimia 2, inakuwa dola 9 200. Gawanya: asilimia 60 kwa Serikali kuu, ni 5 520, asilimia 25 kwa jimbo, ni 2 300, asilimia 15 kwa chefferi, sekta ao mji ambamo machimbo iko, ni 1 380. Ukijumlisha, unapata 9 200 kamili.

Hapo ndipo hatari iko. Mkaguzi anayehakikisha hesabu tu angeweka viza bila wasiwasi, kwa sababu namba zote zinakubaliana. Na aliyefungua programu tu angeiweka pia. Programu inasema kama somo ni la darasa hilo. Asilimia inakaa ndani ya sheria, na sheria inaweza kubadilika programu ikiwa bado ile ile. Kwa hiyo prefe anauliza maswali mawili ambayo watu wengi wanayachanganya: somo hili ni la darasa hili? Na namba hii bado ni ya leo?

Alifungua Kodi ya Madini katika simu yake, vifungu 240, 241 na 242. Kodi ile ni ya tarehe 11 Julai 2002, lakini ilirekebishwa na sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, na vile vifungu vitatu vyote viliguswa.

Kifungu 240 ndicho kinasema redevansi inahesabiwa juu ya kitu gani. Katika maandishi ya 2002, mlipaji alitoa kwanza usafirishaji, bima, uchunguzi wa ubora na gharama za kuuza. Tangu 2018 inahesabiwa juu ya bei nzima ya biashara, bila kutoa kitu. Zile dola 40 000 za usafirishaji haziingii tena katika hesabu.

Kifungu 241 kinatoa kiwango. Cha zamani kwa metali kama hii kilikuwa asilimia 2. Sheria mpya iliweka asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, na dekreti ya tarehe 24 Novemba 2018 iliingiza koltani katika kundi hilo, pamoja na kobalti na jermaniumu. Kwa hiyo anayefungua sheria ya 2018 peke yake, asitafute dekreti, atakosa tena. Atachukua asilimia 3,5 ya metali za kawaida na kufikiri amesahihisha.

Kifungu 242 ndicho cha mgawanyo. Serikali kuu imeshuka toka 60 hadi 50. Zile 10 zilizotoka zinaenda katika Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Jimbo limebaki na 25, na asilimia 15 zinaenda kwa chefferi, sekta ao mji.

Prefe akarudia hesabu pembeni ya karatasi kwa wino mwekundu. Asilimia 10 ya 500 000 ni dola 50 000. Serikali kuu 25 000, jimbo 12 500, chefferi ao sekta 7 500, mfuko 5 000.

Mwalimu aliangalia namba ya chefferi muda mrefu. Toka 1 380 hadi 7 500, kwa mzigo ule ule wa koltani. "Papa Prefe, baba ya watoto hawa iko mule ndani ya machimbo," alisema. "Mutoto akienda kumwambia chefferi inapata elfu moja na kitu, baba atauliza nini kwa mukubwa wa chefferi?"

Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mtoto mwingine: yule ambaye baba yake anajua sheria mpya kwa sababu aliisikia katika mkutano wa koperative. Huyo angeandika 50 000, na kwa majibu ya mwalimu angepata sifuri kwa pointi 8.

Lakini mwalimu, sasa ameshituka, alianza kufuta kila kitu. Alitaka kufuta hata "Kodi ya 2002" katika swali la pili. Prefe alimshika mkono. Sheria ya 2018 inarekebisha na kukamilisha ile ya 2002, haikuiua. Kusema "Kodi ya Madini ya 2002 kama ilivyorekebishwa 2018" ni sawa kabisa. Vilevile asilimia 25 na 15 zenyewe hazikubadilika. Kuziandika "zamani" kungekuwa kosa jipya. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yenyewe. Mtu akiisha kupata kosa moja kubwa, kalamu yake inakuwa na haraka.

Swali la tano lilikuwa fupi: RDC iko na majimbo ngapi? Machaguo: 9, 11, 25, 26. Jibu la mwalimu: 11.

Hesabu ya 11 ilikuwa ya kweli toka 1988, wakati Kivu ilipogawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kisha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikaandika mgawanyo mpya, lakini ukangojea hadi 2015 ndipo ukaanza kazi. Kwa miaka tisa karatasi ya mtihani ilikuwa na majibu mawili: la Katiba na la maisha. Pengine ndiyo sababu 11 imekaa katika madaftari muda mrefu hivi. Na huku kwetu mipaka ya Kivu ya Kaskazini haikuguswa mwaka ule, hatukuona tofauti kwa macho. Mtu wa Kolwezi hawezi kusahau, maana mji wake ulikuwa sehemu ya Katanga na sasa ndio mji mkuu wa Lualaba.

Mwalimu alitaka kubadilisha jibu kuwa 26. Prefe akakataa tena. Kifungu cha 2 cha Katiba kinasema mji wa Kinshasa na majimbo 25, kisha kinasema Kinshasa iko na hadhi ya jimbo. Mtoto aliyesoma kifungu vizuri anaweza kuchagua 25, mwingine 26, na wote wawili wana haki. Hapo jibu na swali vyote viwili vina tatizo. Waliliandika upya: "Kwa Katiba ya 2006, ukiacha mji wa Kinshasa, RDC iko na majimbo ngapi?" Jibu likawa moja, 25.

Kisha prefe akafungua daftari ya mwanafunzi. Ukurasa wa mwezi wa tatu ulikuwa na maneno safi kabisa: 60, 25, 15. Ndivyo mwalimu aliwaandikisha.

Hili ndilo halionekani kama mkaguzi anasoma karatasi peke yake. Ukisahihisha swali na kuacha daftari, watoto 46 wataanguka kwa sababu walishika vizuri kile walichofundishwa. Ukiacha swali ili lifanane na daftari, unatia viza juu ya uongo. Kufuta swali kulikuwa kunawezekana, na kuhesabu mtihani kwa 32 badala ya 40, lakini hiyo ni dawa ya kosa lililoonekana wakati karatasi zimekwisha kugawanywa. Bado zilibaki siku kumi na moja.

Walikata hivi. Mwalimu atachukua saa moja Jumatatu, atafungua ukurasa ule mbele ya watoto, ataandika namba mpya pembeni ya za zamani pamoja na tarehe ya sheria na ya dekreti. Na katika mtihani kiwango na mgawanyo vitaandikwa ndani ya swali, ili mtoto apimwe kama anajua kuhesabu na kueleza. Dola 40 000 za usafirishaji zinabaki pale, lakini swali linaongeza: "Je, gharama hii inatolewa mbele ya kuhesabu redevansi? Eleza."

"Hiyo watakosa wengi," mwalimu alisema.

"Watakosa kama wewe hukufundisha Jumatatu," prefe akajibu.

Hakuweka viza siku ile. Aliandika tarehe pembeni, akamrudishia karatasi, akasema ailete tena Jumanne pamoja na daftari ile ile.