Saa Tatu kwa Wiki: Mkimbiaji wa Kidichi Agawe Vipi Nguvu Zake?

Barabara ipandayo Kidichi, kati ya mikarafuu na mashamba ya viungo hadi kwenye hamamu za enzi ya Sayyid Said, humlaghai mkimbiaji. Mtu hutoka nyumbani akikusudia kukimbia polepole, lakini mwinuko na joto lenye unyevu humpandisha mapigo ya moyo, na afikapo juu anahema. Akifanya hivyo mara tatu kwa wiki, hukimbia kila siku kwa nguvu ya kati. Huchoka, wala kasi yake haiongezeki.

Wataalamu hugawa nguvu katika kanda tatu, na mazungumzo yatosha kuzipima. Katika ya kwanza mtu husema sentensi nzima. Katika ya pili, maneno machache. Katika ya tatu, neno moja kwa shida. Mtindo wa ncha mbili huacha karibu kabisa kanda ya kati, ukibakiza mbio nyepesi na mbio kali. Mtindo wa piramidi huwa na nyepesi nyingi, za kati chache, na kali kidogo zaidi.

Ncha mbili ilitangazwa sana na mtafiti Stephen Seiler kwa uwiano wa 80 kwa 20. Husahaulika kwamba uwiano huo ulihesabu vipindi vya mazoezi, si dakika, tena vya wanamichezo wafanyao mazoezi karibu kila siku. Mwenye dakika 180 kwa wiki akiuchukulia kama dakika, atapaswa kukimbia dakika 36 kwa nguvu kali, mzigo ambao wachache huupona kabla ya kipindi kinachofuata.

Tuchukue dakika hizo 180. Jumanne, 45: kupasha mwili 10, kisha mara tatu dakika 8 za kati, zikitenganishwa na dakika 2 nyepesi, na 7 za kupoza mwili. Alhamisi, 45 nyepesi, ndani yake mara sita dakika moja kali mlimani, akishuka kwa kutembea. Jumapili, 90 nyepesi. Jumla ni nyepesi 150, za kati 24, kali 6. Hiyo ni piramidi, na ndiyo imfaayo zaidi mtu huyu, kwa kuwa dakika za kati hujenga ustahimilivu bila kumvunja.

Ncha mbili haina ubaya. Utafiti wa Muñoz na wenzake wa mwaka 2014, kwa wakimbiaji wasio wa kulipwa waliofanya mazoezi wiki 10, uliona makundi yote mawili, la ncha mbili na la nguvu ya kati, yakiboresha muda wa kilomita 10, bila tofauti ya kuaminika baina yao. Wiki chache kabla ya mashindano, dakika za kati zaweza kubadilishwa kwa mara nne dakika 4 kali.

Siku nyepesi ndiyo ngumu kuilinda. Akishindwa kusema sentensi nzima, atembee hadi kileleni. Anayetumia atenololi asitegemee saa ya mapigo, kwani dawa hiyo huyashusha. Kipimo cha mazungumzo kinamfaa zaidi. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mbio na amwone daktari kabla ya kuanza tena.