Wasifu wa Mhandisi wa DevOps: Jibu Tangazo kwa Kazi Uliyoibeba

Matangazo ya kazi ya uhandisi wa wingu, au DevOps kama yanavyoandika makampuni mengi, huja na orodha ndefu ya zana: AWS, Docker, Kubernetes, Terraform, Jenkins. Waombaji wengi huinakili orodha hiyo kwenye wasifu wao, kisha hushangaa mbona hawaitwi kwenye usaili. Orodha ya zana haimwambii mwajiri ulichofanya nazo. Ukilisoma tangazo kwa makini, utaona linauliza mambo matatu: programu inamfikiaje mtumiaji, seva zinaundwaje, na mfumo ukianguka usiku nani anaushughulikia.

Tuchukue mfano wa tangazo la kampuni ya malipo ya simu. Linataka mtu wa kusimamia paiplaini, yaani mlolongo wa hatua zinazoichukua programu kutoka kwa mwandishi wake, kuijenga, kuijaribu na kuipeleka kwenye seva. Mwombaji wetu ameandika: “Nina ujuzi wa Jenkins.” Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na aliyejenga paiplaini nzima, na pia na aliyekuwa akibonyeza kitufe tu. Akiulizwa alifanya nini hasa, anaeleza kwamba toleo moja lilikuwa likichukua dakika 50, akayafanya majaribio yaende sambamba na kuhifadhi maktaba zisipakuliwe upya kila mara, muda ukashuka hadi dakika 18. Pia aliongeza hatua ya kurudisha toleo la awali endapo jipya litaleta makosa. Hayo ndiyo ya kuandikwa. Na kama tangazo linataja GitLab ilhali yeye alitumia Jenkins, aandike Jenkins. Hatua za kazi ni zilezile, na meneja anayeijua kazi ataliona hilo.

Tangazo linataka pia miundombinu iliyoandikwa kama msimbo. Maana yake ni kwamba seva, mitandao na hifadhidata havibonyezwi kwa mkono kwenye kurasa za AWS, bali vinaelezwa kwenye mafaili yanayokaguliwa na wenzako kabla ya kutekelezwa. Hapa wasifu mwingi husema “Terraform” na kuishia hapo. Anayeijua kazi hii anajua kwamba kuandika mafaili si sehemu ngumu. Ugumu uko kwenye faili la hali, ambamo Terraform huweka kumbukumbu ya vitu inavyovisimamia. Likikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, wenzake hawawezi kufanya kazi kwa usalama. Watu wawili wakilibadilisha kwa pamoja bila kufuli, linaweza kuharibika. Kisha kuna mabadiliko yanayofanywa kwa mkono usiku wa dharura na kusahaulika. Mwombaji wetu aliweka ukaguzi unaoendeshwa kila asubuhi:

```
terraform plan -detailed-exitcode
```

Amri hiyo ikirudisha 0, msimbo na hali halisi vinalingana. Ikirudisha 2, kuna tofauti. 1 ni kosa. Sentensi moja kwenye wasifu, inayosema alihamishia faili la hali kwenye hifadhi ya pamoja yenye kufuli na kuweka ukaguzi huo wa kila siku, inamtenga na wanaotaja jina la zana tu.

Jambo la tatu ndilo linaloachwa wazi mara nyingi: kubeba jukumu la hitilafu. Tangazo linaposema zamu ya dharura, halitafuti mtu ambaye hajawahi kuona mfumo ukianguka. Linatafuta aliyeukabili. Mwombaji wetu aliwahi kuwa zamu mwisho wa mwezi, malipo yakakwama kwa sababu toleo jipya lilikuwa likifungua miunganisho ya hifadhidata bila kuifunga. Alirudisha toleo la awali na huduma ikarejea baada ya dakika 12. Kisha akaandika ripoti ya chanzo bila kumlaumu mtu, akaweka kikomo cha miunganisho na king’ora kinacholia ikifika asilimia 80. Wasifu unahitaji mambo manne hapo: kilichoharibika, alichofanya yeye mwenyewe, muda uliotumika, na kilichobadilishwa ili tatizo lisijirudie. Majina ya wateja na siri za mwajiri wa zamani vibaki nje.

Kama hukuwa kiongozi wa zamu, sema ulisoma kumbukumbu za mfumo ukakipata chanzo. Kama moduli za Terraform ziliandikwa na mwenzako nawe ukazitunza, andika kwamba ulizitunza. Msaili atauliza swali la pili na la tatu, na sifa ya kuazima huishia hapo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi, liweke tangazo kando ya wasifu wako. Kwa kila jukumu linalotajwa, tafuta sentensi yako inayolijibu kwa kazi uliyoifanya. Usipoiona na kazi uliifanya, iandike. Kama hukuifanya, acha nafasi hiyo wazi.