Mstari Usiochorwa na Mtu

Chukua ankara yenye jedwali la safu nne: bidhaa, idadi, bei, jumla. Ikapigwa fotokopi, kisha ikaskaniwa. Programu ya kusoma majedwali inarudisha safu tano, na jumla ya 48,500 imekatika: 48 huku, 500 kule.

Chanzo ni uchafu. Karatasi inapovutwa na mashine hupita juu ya kioo chembamba kisichosogea. Tone la wino mweupe wa kufutia likigandia hapo, huacha mchirizi mweusi kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Kompyuta hutafuta mistari kwa kubakiza pikseli nyeusi zilizofuatana kwa urefu fulani, na mchirizi huo unafaulu mtihani kuliko hata mistari halali iliyofifia. Ukingo mweusi wa kifuniko kilichoachwa wazi nao hugeuka fremu ya jedwali.

Utaujuaje? Mstari wa kweli huishia kwenye mpaka wa jedwali. Mchirizi hupita juu ya kichwa cha barua na sahihi bila haya. Tena, karatasi ikiingia upande, jedwali huinama lakini mchirizi hubaki wima, kwa kuwa hufuata mwendo wa mashine. Kwa hiyo ni heri uufute kabla ya kunyoosha picha. Baada ya hapo nao utainama, na ushahidi huo utapotea usipohifadhi pembe iliyonyooshwa.

Mchirizi ukiangukia juu ya tarakimu, kuufuta kizembe hugeuza 8 kuwa 3. Afadhali kitambaa laini kwenye kioo, kisha kuskani upya.